Boti ya faiba iliyotumika: bodi safi na injini kuukuu, au kinyume chake?

Chelezo: Wakuu, nimepata boti mbili na wiki ijayo lazima niamue. Moja bodi safi, injini kuukuu. Nyingine bodi imechakaa, injini ya juzi tu. Fedha ya mkaguzi inatosha boti moja. Akague ipi?

Tanga Mbili: Mbona hujaeleza kitu? Injini ya ndani au ya nje? Zilikuwa maji chumvi? Faiba tupu au ina mbao ndani?

Chelezo: Injini za nje, maji chumvi. Mbao sijui.

Fundi Tezi: Anzia kwenye hizo mbao. Injini ya nje hubebwa na ubao wa tezi, na kwenye boti nyingi za faiba ubao huo ni plaiwudi iliyofunikwa. Maji hupenya matundu ya bolti, plaiwudi ikaoza huku nje kunang'aa. Mkaguzi hugonga kwa nyundo ndogo ya plastiki: palipo pazima hulia kavu, palipooza sauti hufifia. Hata wewe inua injini nusu, ukandamize mguu wake taratibu, mwenzako atazame ubao. Ukicheza, iache. Uliza pia injini hiyo mpya ina uzito gani kuliko ile ya awali.

Upepo wa Kusi: Kugonga ni mambo ya zamani. Kipima unyevu kinamaliza ubishi.

Fundi Tezi: Hakimalizi, ndugu yangu. Boti iliyotolewa majini juzi, au yenye rangi ya shaba chini, husoma juu hata kama ni nzima. Vitumike vyote viwili.

Bi Mawimbi: Msisahau nyaya. Shemeji yangu alinunua boti yenye bodi safi kama hiyo ya kwanza. Usiku mmoja pampu ya kutoa maji ikazubaa, boti ikaanza kujaa. Fundi alipopima, betri ilikuwa volti 12.6, kwenye pampu 11.1. Volti moja na nusu imepotelea njiani! Alipofuata waya akakuta umeunganishwa kwa kusokotwa na kuzungushiwa utepe, na alipomenya, shaba ilikuwa nyeusi mbali sana na kiungo. Muuzaji alikuwa ameshabadilisha simu.

Fundi Tezi: Ndiyo maana hupimwa pampu ikiwa inazunguka. Ikizimwa, hata waya mbovu utasoma 12.6.

Mzee Mkuku: Nunueni mbao. Ikioza unaona.

Tanga Mbili: Mzee, kwa heshima, mbao nayo huozea chini ya rangi.

Mzee Mkuku: Kwa asiyeitunza.

Chelezo: Mwenye boti ya kwanza hataki plagi zifunguliwe kupima kompresheni. Anasema injini inawaka vizuri, inatosha.

Fundi Tezi: Haitoshi. Inaweza kuwaka huku silinda moja imechoka. Zikipishana zaidi ya asilimia 10, kuna jambo. Angalia na oili ya gia: ikiwa kama maziwa, maji yameshaingia.

Upepo wa Kusi: Labda anaogopa plagi zitakatikia humo, chumvi huzigandisha.

Chelezo: Hilo sikulifikiria. Nitamuuliza tena kesho.