Naomba ushauri: dola kupanda kati ya malipo ya kwanza na ya mwisho, robota za mitumba Moshi

Wakuu, naandaa mpango wa kuagiza robota 100 za dola 150 kila moja. Asilimia 30 inalipwa mwanzo. Dola 10,500 zinabaki hadi mzigo upakiwe. Dola ikitoka 2,500 hadi 2,700, salio linaongezeka shilingi 2,100,000, yaani 21,000 kwa robota, na ushuru nao unapanda kwa sababu thamani ya mzigo hugeuzwa kuwa shilingi.

Shida kubwa ni wateja wa soko la Memorial: wanachukua mali kauli, wanalipa baada ya mwezi. Nikipanga bei kwa dola ya zamani, pesa itakayorudi haitanunua robota 100 tena. Je, ninunue dola za salio mapema, au nipandishe bei ya mali kauli pekee?