Keki ya bangi: karibu saa nzima na sijasikia kitu, niongeze?

Kipepeo_Malindi (3:10 usiku): Wakuu, rafiki amenipa keki ya bangi, vipande vinne vidogo. Saa mbili na robo nilikula kimoja, mpaka sasa kimya, ila mdomo umekauka. Nikivuta huwa nasikia papo hapo. Nimetapeliwa, au niongeze?

Mzee_Mtumbwi: Haramu, tena ni jela. Tubu kwanza.

Nesi_Zamu: Usiongeze. Moshi huingia kwenye damu kupitia mapafu, dakika chache tu. Keki mpaka ishuke tumboni, ifyonzwe utumboni, ipite kwenye ini. Na ini ndilo linaloigeuza THC, ile kemikali ya bangi inayolewesha, kuwa 11-hydroxy-THC, ambayo huingia ubongoni kwa urahisi. Kuanza ni nusu saa mpaka saa mbili. Kilele huja hata saa nne baada ya kula. Umebakisha vingapi?

Kipepeo_Malindi: Kimoja.

Nesi_Zamu: Vinne, ukala kimoja. Viwili viko wapi?

Kijiko_Kirefu: Mie nilioka na siagi ya bangi, nikavivia kukoroga. Mwenzangu alikula kipande cha katikati akacheka kidogo tu. Mie nilikula cha pembeni, nikakumbatia ndoo hadi alfajiri. Trei moja hiyo hiyo!

Kipepeo_Malindi: Sawa. Cha pili nilikula saa tatu kasorobo. Kingine shangazi alikikuta jikoni baada ya magharibi, akanywea chai. Hajui ni nini. Ana presha, na sasa anasema moyo wamwenda mbio. Nimempa maziwa alale. Hospitali siendi, nitaeleza nini?

Bwana_Pweza: Shangazi ataona nguzo ya Vasco da Gama ikitembea 😂

Tabibu_Nyumbani: Maziwa ni sawa, mafuta huvunja nguvu.

Nesi_Zamu: Hayavunji. THC hupenda mafuta, yanaisaidia kufyonzwa. Tumbo likishiba yaweza kuchelewa zaidi, na mtu akadhani haijafanya kazi.

Jicho_la_Kozi: Ngojeni. Huyu wiki jana alikuwa Lamu, akaomba mchango wa matanga ya shangazi!

Kipepeo_Malindi: Kwani mtu ana shangazi mmoja?

Bwana_Pweza: Huyu kafufuliwa na keki.

Nesi_Zamu: Hadithi au kweli, najibu vile vile. Mtu wa presha na moyo unamwenda mbio, hangojei asubuhi. Ampeleke na aseme wazi alikula nini, saa ngapi, pamoja na dawa anazotumia. Asimwache peke yake, na asimsimamishe ghafla, presha yaweza kushuka akaanguka. Nawe Kipepeo usiendeshe chochote, vipande vyako viwili bado vinakuja.

Kipepeo_Malindi (4:02 usiku): Tuktuk imefika. Binamu ndiye anayempeleka. Mie nimekaa barazani, ukuta wa jirani unapumua.

Jicho_la_Kozi: Na kile kimoja kilichobaki kiko wapi?