Fundi tairi yule kaniharibia nati, kisha kaniambia "kanunue gari nyengine"!

Jamani, nimetoka kwake sasa hivi, mikono bado inanitetemeka. Mnamjua nyote, sina haja ya kumtaja. Tairi la mbele lina pancha, na spoti ringi zangu kila moja ina nati moja ya kuzuia wizi. Ufunguo wake umepotea, na nilimwambia mapema. Kachukua tindo akaigongagonga ubavuni mpaka ikawa kama embe lililotafunwa na popo. Kisha mbele ya mama mkwe wangu: "Kanunue gari nyengine." Gari nyengine! Kwa nati moja! Hata pole hakusema!

Kijana wa Fuoni: Ukoo wenu wote mnapotezaga funguo. Pigilia boksi dogo la spana juu ya nati, ila fungua kwanza zile nne nyengine ibaki hiyo peke yake.

Mzee wa Gereji: Boksi ndiyo, zile nne hapana! Ukizitoa, mzigo wote wa ringi unaiangukia hiyo moja, inazidi kubana. Mwanangu, tafuta boksi kuukuu la meno 12, lile linalokataa kidogo tu kuingia kwa mkono. Vaa miwani, lipige kwa nyundo nzito, lisimame wima. Mwanzo linalia kama bati. Likishakaa sauti inakuwa nzito. Kabla ya hapo usizungushe, litateleza na kumaliza kilichobaki. Gari iwe chini, fungua kwa mpini mrefu, polepole. Mashine ya upepo weka mbali, inapasua boksi. Na tazama tundu la ringi: boksi nene litaikwangua.

Dereva wa Konde: Yakhe, mie lilizunguka bure tu siku nzima.

Mzee wa Gereji: Yako huenda ina pete ya nje inayozunguka peke yake. Ijaribu kwa kidole. Ikizunguka, boksi limeshika pete, halikushika nati.

Dereva wa Konde: Basi nifanyeje?

Kijana wa Fuoni: Achomelee nati juu yake.

Mzee wa Gereji: Moto karibu na ringi ya alumini na tairi? Mie singethubutu. Pete hiyo ivunjwe kwanza, na aliyezoea.

Mwenye uzi: Mzee, Mungu akuweke! La 21 liliingia ovyo, la 19 likakataa. Nimelipigilia, ikalia "kaa!" ikaachia. Lakini nati imeganda ndani ya boksi. Na bado namsikia: "Kanunue gari nyengine"!

Mzee wa Gereji: Tia chuma chembamba kwenye tundu la mraba nyuma ya boksi, ugonge, itatoka. Zilizobaki zitoe vivyo hivyo, weka za kawaida.

Bi Chukwani: Ya kwenu nafuu. Mie fundi kaniwekea nati tatu badala ya tano, nimejua nafika Bwejuu, usukani unacheza ngoma!

Kijana wa Fuoni: Fundi gani huyo? Wa pale penye mwembe?

Bi Chukwani: Huyo huyo! Na jeki yangu kabaki nayo!