Mrejesho: tivi iliyokataa laptopu Kondele

Niliuliza: "Nikiunganisha laptopu na tivi kwa HDMI, inaandika No Signal. Tatizo ni kebo?"

Asanteni ndugu zangu, imekubali. Kebo na tundu ni vizima: king'amuzi kilionyesha picha kwa kebo ileile, kwenye HDMI 2 ileile. Nilitaka kushusha rezolusheni, lakini tivi haikuonekana kabisa kwenye Display settings. Basi vyombo havikuwa vimetambuana. Kuzima kwa rimoti hakukusaidia, maana tivi hubaki na umeme ndani. Nilizima laptopu, nikachomoa tivi ukutani dakika 5, nikairudisha na kuiwasha kwanza, kisha laptopu. Picha ikaja! Jioni hiyo mama alitazama harusi ya dada yangu mpaka mwisho.