Naomba ushauri: programu ya skuta ya kukodi iliyo kwa Kijerumani

Ndugu zangu, niko Berlin, na programu ya skuta za umeme niliyoipakua imeandikwa Kijerumani kitupu. Bei ilisomeka "1 € Entsperren + 0,25 €/Min.", nami nikaelewa kwamba yuro 1 ni ya kufungua na senti 25 ni za kila dakika, hivyo safari yangu ya dakika 8 ingegharimu yuro 3. Nilipofika nilibonyeza "Pause", kumbe dakika ziliendelea kuhesabiwa hadi nilipoiona "Fahrt beenden", yaani kumaliza safari, ambayo nayo ilikataa kwa sababu nilikuwa ndani ya "Parkverbotszone", yaani eneo lisiloruhusiwa kuegesha, lile jekundu kwenye ramani. Je, niegeshe penye alama ya P tu, au popote pasipo pekundu? Na "Reservieren", yaani kuwekesha skuta kabla ya kuifikia, hutozwa?