Apu ya kutunza nilichokopi imekula hela yangu na haitunzi kitu!

MchelePlus_Mwanjelwa:
Wakuu, nina hasira. Nauza mchele wa Kyela hapa Mwanjelwa, wateja wengi wako Dar na Dodoma. Tangu asubuhi maswali ni yaleyale: kilo bei gani, gunia linakuja na basi gani, nilipie namba ipi. Simu ya zamani nilikuwa na apu ya klipubodi, nikikopi jibu linakaa humo, nalichomoa nikilihitaji. Nimenunua simu mpya, nikalipia apu ileile toleo kamili. Jana nakopi bei, nakopi maelezo ya basi, nakopi namba ya malipo. Kufungua apu, nakuta namba ya malipo peke yake! Nawaandikia wenyewe, wananijibu "washa ruhusa zote". Nimewasha mpaka ya kamera. Huu si wizi?

Kaka_wa_Uyole:
Betri hiyo. Iondoe kwenye kubana matumizi ya betri, simu hizi zinaua apu za nyuma. Mimi ilinisaidia kwa apu ya vifupisho, naandika "bk" inatoka bei nzima.

fundi_soweto:
Kwa vifupisho sawa, kwa hili hapana. Tangu Android 10 ya 2019, apu iliyo nyuma hairuhusiwi kusoma ulichokopi. Inayoona ni kibodi unayotumia na apu iliyo mbele kwenye kioo. Ndiyo maana unakuta cha mwisho tu: ukiifungua ndipo inasoma kilichopo muda huo. Kwenye mipangilio hakuna swichi ya kuliondoa hilo, na waliokuuzia wanajua fika.
Tumia klipubodi ya Gboard yenyewe, ile kibodi ya Google. Iwashe, kopi jibu, lishikilie kwa kidole, gusa pini. Usipolipini, saa moja tu limefutika. Kwa WhatsApp, weka ile ya Business, ina majibu ya haraka mpaka 50. Kwenye chati unagonga alama ya / kisha unachagua jibu.

Dada_Stationery_Iringa:
Si ubonyeze Windows na V? Mimi dukani vinakaa 25, ila ukizima kompyuta vinaondoka kama hujavipini.

MchelePlus_Mwanjelwa:
Dada, mimi natumia simu.
Fundi, Business nitaweka, lakini wapo wazee wa SMS. Kwao itakuwa pini, na mchele ukipanda bei itabidi nifute nikopi upya. Hiyo ya vifupisho ya Uyole nimeijaribu sasa hivi, inataka ruhusa ya ufikivu, na simu yenyewe inanionya kwamba itaona ninachoandika. Pesa zangu zote ziko humu!

Kaka_wa_Uyole:
Mimi mwaka wa pili, sijaibiwa.

fundi_soweto:
Hujaibiwa bado. Mimi siwezi kuiweka kwenye simu ya pesa.

Tunduma_Boy:
Mkuu, kwani gunia la kilo mia ni shilingi ngapi mpaka Tunduma?

MchelePlus_Mwanjelwa:
Mnaona sasa? Hata huku!