Mayai ya kuchemsha kiini kinazungukwa na rangi ya kijani, nakosea wapi?

MamaTrei: Habari zenu wakuu. Nauza mayai ya kuchemsha na kachumbari jioni hapa stendi. Nachemsha trei nzima kwenye sufuria moja, jiko la mkaa, nayaacha humo humo kwenye maji ya moto ili mteja ale la moto. Sasa mteja akipasua anakuta kiini kimezungukwa na rangi ya kijani kijivu, jana mmoja kanirudishia kasema yameoza. Trei nimechukua asubuhi ile ile!

Kijana wa Kuku: Hayo ya zamani dada, muuza trei kakupiga. Weka kwenye maji, likielea ni la siku nyingi.

Mzee Sufuria: Dogo uko sawa nusu. Yai la siku nyingi linaota huo utepe haraka zaidi, ila hata la leo asubuhi litaota ukilipika sana. Ute mweupe una salfa, ukipata moto mrefu unatoa gesi, ndo ile harufu ya yai unayoisikia. Gesi inakimbilia ndani kwenye kiini ambako bado hakujapata moto sana, inakutana na madini ya chuma, basi pale zinapogusana panageuka kijani. Ndo maana rangi iko ukingoni tu, ndani kiini njano. Halina sumu, mwambie mteja ale.

Tatizo lako MamaTrei sio kuchemsha, ni kule kuyaacha kwenye maji ya moto, yanaendelea kuiva hata mkaa ukizima. Hesabu dakika 10 toka maji yaanze kuchemka, mwaga yote, tia maji baridi. Na trei nzima ina joto jingi, maji ya kwanza yatakuwa vuguvugu sasa hivi, mwaga tia mengine mpaka ukishika yai hulisikii moto. Pasua moja uone, ukingo ukiwa safi umepatia.

Binti wa Kilwa: Mi ya kienyeji kiini chake huwa cha njano sana mpaka kama chungwa, hiyo nayo ni kupika sana?

Mzee Sufuria: Hapana mama, hiyo ni chakula cha kuku.

Shemeji J: Weka chumvi kwenye maji, mi naweka siku zote sijawahi ona kijani.

Mzee Sufuria: Chumvi haizuii hilo shemeji, we utakuwa unayatoa mapema tu.

MamaTrei: Asante mzee, ila wateja wangu wa usiku wanataka la moto, la baridi hawashiki kabisa.

Mzee Sufuria: Yapoze kwanza yote, mteja akija unalitumbukiza moja kwenye maji ya moto dakika mbili tatu ndo unamenya.

MamaTrei: Na watu wakija sita kwa mpigo?

Kijana wa Kuku: Hapo ongeza sufuria dada 😂